Thairoidi na ujauzito: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu dawa na mtoto aliye tumboni

Ukurasa huu ni wa mama anayejua tayari kwamba ana ugonjwa wa tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo, na ambaye ana mimba au anaitafuta. Maswali ni yale yanayosikika kwenye benchi la kliniki na kwenye dirisha la dawa. Karibu yote yanarudi kwenye jambo moja: wiki 10 za mwanzo ndizo zenye uzito mkubwa kwa dawa hizi, na ndizo ambazo akina mama wengi wanakuwa hawajafika kliniki.

Tezi yangu ni dhaifu, natumia levothairoksini. Kipimo cha mkojo kimesema nina mimba. Nifanye nini leo?

Ongeza dozi wiki hii hii, kisha uende ukapime damu. Njia inayotumika sana ni kuongeza vidonge viwili kwa wiki. Kama unameza kidonge kimoja kila siku, yaani 7 kwa wiki, sasa unameza 9: siku tano kimoja kimoja, na siku mbili vidonge viwili kwa pamoja. Chagua siku mbili zilizoachana, kwa mfano Jumatano na Jumamosi, uziandike kwenye kalenda au juu ya boksi la dawa. Hesabu yake ni nyepesi. Mwenye kidonge cha maikrogramu 100 alikuwa anapata 700 kwa wiki, sasa anapata 900, ongezeko la karibu asilimia 29. Ndicho kiasi ambacho wanawake wengi huhitaji mwanzoni.

Hili ni jambo la kukubaliana na daktari wako kabla hujashika mimba, ili siku ile ukiona mistari miwili usianze kutafuta miadi ya baada ya wiki tatu. Kama hamkuwahi kulizungumza, piga simu au nenda leo, hata kama siyo siku yako ya kliniki. Ukiwa na ugonjwa wa moyo, au kama kipimo chako cha mwisho kilionyesha dozi tayari ni kubwa kuliko unavyohitaji, usiongeze kabla ya kuzungumza naye.

Baada ya hapo TSH inapimwa kila wiki nne mpaka katikati ya ujauzito, halafu tena karibu na wiki ya 30. TSH ni homoni inayotoka kwenye ubongo kuiamrisha tezi ifanye kazi. Tezi ikizembea, amri inazidi, kwa hiyo TSH kubwa maana yake homoni ya tezi ni pungufu. Kwa anayetumia levothairoksini akiwa mjamzito, lengo ni TSH isizidi 2.5.

Dozi hii imenitosha miaka yote. Kwa nini mimba iifanye isitoshe?

Kwa sababu mwili wako sasa unatakiwa kutengeneza homoni ya tezi kwa karibu nusu zaidi ya kawaida. Homoni za uzazi zinapopanda, ini linatoa protini nyingi zaidi za kubeba homoni ya tezi kwenye damu, na homoni iliyobebwa haifanyi kazi mpaka iachiliwe. Kondo nalo linavunja sehemu ya homoni. Na mtoto anachukua fungu lake.

Mwanamke mwenye tezi nzima halioni hili. Homoni ya mimba, ile ile inayosomwa na kipimo cha mkojo, inaichochea tezi yake, nayo inaongeza kazi bila yeye kujua. Tezi yako wewe, iliyoharibiwa na ugonjwa wa Hashimoto au iliyoondolewa kwa upasuaji, haiwezi kuitikia uchochezi huo. Unachomeza ndicho ulichonacho. Ndiyo maana waliotolewa tezi yote mara nyingi huhitaji nyongeza kubwa kuliko wale ambao tezi yao bado inajikongoja.

Homoni ikipungua, mtoto anapata madhara gani?

Tezi ya mtoto huanza kujiundia homoni karibu na wiki ya 12, na huchukua muda zaidi, mpaka kama wiki ya 18 au 20, kabla haijaweza kubeba mzigo wa maana. Kabla ya hapo anatumia homoni ya mama, na ndicho kipindi ambacho seli za ubongo zinazaliwa na kusafiri kwenda mahali pake. Upungufu mkubwa wa wakati huo hauonekani kwenye ultrasaundi. Mtoto anaweza kuwa na mikono, miguu na moyo wenye mapigo mazuri, na bado ubongo wake ukawa unakua kwa uhaba.

Utafiti unaotajwa sana kuhusu hili ulichapishwa mwaka 1999, kutoka jimbo la Maine, Marekani. Watafiti walipima damu ya akina mama iliyokuwa imehifadhiwa tangu wakiwa wajawazito, wakapata 62 waliokuwa na TSH ya juu, kisha wakawapima watoto wao akili wakiwa na umri wa miaka 7 hadi 9. Kwa wastani watoto hao walikuwa nyuma kwa alama 4 za kipimo cha akili wakilinganishwa na wenzao. Kwa wale 48 ambao mama zao hawakupata dawa wakati wa mimba, pengo lilikuwa alama 7. Alama 7 hazimfanyi mtoto kuwa taahira, lakini mwalimu wake wa hisabati anaweza kuziona.

Madhara mengine yanaonekana mapema zaidi: mimba kutoka, shinikizo la damu la ujauzito, kuzaa njiti, mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Haya yote hupungua sana mama anapotibiwa vizuri, na mama mwenye tezi dhaifu ambaye TSH yake iko sawa anaweza kutarajia mtoto kama wa mwanamke mwingine yeyote.

Na kama umegundua ukiwa wiki ya 16 kwamba TSH yako ilikuwa juu? Dawa inaanzishwa au inaongezwa siku hiyo hiyo. TSH ikiwa imepanda sana, daktari hapandishi kidogo kidogo kama anavyofanya kwa mzee. Anaanza na dozi kamili kulingana na uzito wako. Hakuna anayeweza kukuambia kama wiki zilizopita zimeacha alama, na kutoa mimba kwa sababu hiyo hakushauriwi. Watoto wengi wa akina mama waliochelewa hivyo hukua vizuri.

Sikuwahi kuumwa. Kliniki wamepima wakasema TSH imepanda "kidogo". Lazima nimeze dawa?

Hapa madaktari wenyewe hawakubaliani, na ni haki yako kujua hivyo. TSH ikizidi 10, jibu ni ndiyo, bila mjadala. Ikiwa kati ya 4 na 10 huku homoni ya tezi yenyewe iko sawa, kinachoamua zaidi ni kipimo cha kingamwili za tezi, zinazoandikwa TPO kwenye karatasi ya maabara. Zikiwepo, dawa hupendekezwa, hasa kuzuia mimba kutoka. Zisipokuwepo, faida ni finyu.

Kuhusu akili ya mtoto katika kundi hili, majaribio mawili makubwa, moja la Uingereza na Italia lililotoka mwaka 2012 na jingine la Marekani la mwaka 2017, hayakuona tofauti kati ya watoto wa waliopewa dawa na wa wasiopewa. Wapinzani wanasema dawa ilianzishwa wakati mimba ina miezi mitatu au zaidi, yaani ilichelewa. Kwa maoni yangu hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi kumtisha mama mwenye TSH ya 4.3 akakosa usingizi.

Nameza dawa kila siku bila kukosa, nimeongeza kama nilivyoambiwa, na TSH bado inapanda. Kwa nini?

Uliza kwanza unaimeza pamoja na nini. Tuchukue mfano wa mama wa miaka 31 mwenye Hashimoto, anayemeza maikrogramu 100 kwa siku, na TSH yake kabla ya mimba ni 1.8. Wiki ya tano anapima mkojo, anaona ana mimba, anaongeza vile vidonge viwili vya wiki siku hiyo hiyo. Amefanya kila kitu sawasawa. Wiki ya sita anaanza kliniki, na wiki ya tisa TSH inasoma 5.6.

Ukimuuliza asubuhi yake inakwendaje, jibu linajitokeza. Kliniki amepewa vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, kama wajawazito wote. Kwa kuwa ni mtu mpangilivu, ameviweka kwenye kopo moja na dawa ya tezi, na anavimeza vyote saa 1 asubuhi kwa chai ya maziwa. Chuma hujishikiza kwenye levothairoksini ndani ya tumbo, vinakuwa kitu kimoja kisichonyonywa, vinatoka chooni. Maziwa yana kalsiamu, nayo inafanya hivyo hivyo.

Dozi haikuguswa. Kilichobadilika ni saa: levothairoksini saa 11 alfajiri kwa maji matupu, kifungua kinywa angalau nusu saa baadaye na ikiwezekana saa nzima, chuma baada ya chakula cha usiku. Kati ya dawa ya tezi na chuma au kalsiamu kunatakiwa kuwe na saa nne. Wiki ya 13 TSH yake ni 2.1. Wiki ya 18 imepanda kuwa 3.1, na safari hii sababu ni mimba yenyewe kukua, kwa hiyo anapelekwa vidonge 10 kwa wiki. Wiki ya 22 ni 1.7, na wiki ya 30 ni 2.0. Amejifungua, akarudi kwenye vidonge vyake 7, na wiki sita baadaye anapima tena.

Niliutaja mfano huu kwa urefu kwa sababu kosa hili ni jepesi kufanyika na hakuna mtu mmoja wa kulaumiwa. Aliyetoa chuma na aliyetoa dawa ya tezi mara nyingi ni watu wawili walio kwenye majengo mawili. Dawa za kiungulia zenye kalsiamu au alumini, ambazo wajawazito hutafuna kama pipi, zinaingia kwenye kanuni ile ile ya saa nne. Maziwa ya soya nayo yapishanishe na dawa.

Kuna na upande wa maabara. Vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini nyingi huvuruga baadhi ya mashine za kupimia homoni, majibu yakatoka ya uongo. Viache siku mbili kabla ya kutolewa damu.

Mwezi wa Ramadhani nameza saa ngapi?

Kama umeamua kufunga, na daktari wako ameridhia ukiwa mjamzito, una nafasi mbili. Ya kwanza ni kuamka mapema, umeze dawa, kisha ule daku nusu saa hadi saa moja baadaye. Ya pili, ambayo wengi huiona rahisi, ni wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya kula. Chuma kiende na futari, mradi saa nne zipite kabla ya dawa ya tezi. Levothairoksini hukaa mwilini siku nyingi, hivyo kuhamisha saa hakuleti shida. Kuruka siku ndiko kunakoleta. Ukisahau leo, unaweza kufidia kidonge hicho kesho.

Tezi yangu inafanya kazi kupita kiasi, natumia kabimazoli. Nina mimba. Nibadili dawa?

Swali hili ni la haraka kuliko la kwanza, na jibu lake linakwenda upande mwingine. Aliye na tezi dhaifu anaongeza dawa mwenyewe kwanza. Wewe unahitaji kuonwa na daktari ndani ya siku chache, wala usibadili chochote kwa kukisia.

Sababu ya haraka ni hii. Kabimazoli, na ndugu yake methimazoli, ikimezwa kati ya wiki ya 6 na ya 10 inaweza kusababisha kasoro za kuzaliwa kwa mtoto: sehemu ya ngozi ya kichwa kukosekana, njia ya pua kuziba kwa nyuma, umio usiounganika na tumbo, utumbo kujitokeza kwenye kitovu. Kati ya watoto 100 waliokutana na dawa hizi kipindi hicho, wachache kama wawili hadi wanne hupata kasoro za aina hii. Wiki zenyewe zinahesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo mwanamke aliyechelewa hedhi kwa wiki mbili tayari yuko kwenye wiki ya 6.

Daktari ana njia mbili. Kama umetumia dawa kwa muda mrefu, umefika kwenye dozi ndogo ya miligramu 5 hadi 10, vipimo ni sawa na kingamwili zinazoichochea tezi zimeshuka, anaweza kuisimamisha kabisa na kukupima homoni kila wiki moja au mbili. Wengi wa kundi hili hupita miezi mitatu ya mwanzo bila dawa, kwa sababu mimba yenyewe hutuliza ugonjwa wa Graves, ule ambao kinga ya mwili huichochea tezi kupita kiasi, kadiri inavyokua.

Kama bado unahitaji dawa, unahamishiwa propilthiourasili, inayoitwa PTU kwa kifupi. Kabimazoli ya miligramu 20 kwa siku inabadilishwa na PTU ya kama 200 hadi 250, igawanywe mara mbili au tatu kwa siku, kwani haikai mwilini muda mrefu. PTU nayo haikosi lawama. Kasoro zinazohusishwa nayo, nyingi zikiwa uvimbe mdogo wa shingoni au matatizo ya njia ya mkojo, kwa kawaida ni nyepesi na hurekebishika, lakini kwa wachache dawa hii huliunguza ini la mama vibaya sana. Macho kuwa ya njano, mkojo wa rangi ya kokakola, mwili kuwasha, maumivu chini ya mbavu za kulia: acha dawa, nenda hospitali siku hiyo.

Dalili nyingine inahusu dawa zote za kundi hili. Homa pamoja na koo kuuma sana inaweza kumaanisha chembe nyeupe za damu zimeisha. Usikubali kupewa antibayotiki tu ukarudi nyumbani. Sema unatumia dawa ya tezi, na chembe zihesabiwe kabla hujameza kidonge kinachofuata.

PTU haipatikani kila duka la dawa. Anayepanga mimba aulizie mapema inauzwa wapi, badala ya kuanza kuizungukia mji mzima akiwa na mimba ya wiki 6. Madaktari wengine hukuhamishia PTU kabla hata hujashika mimba, kwa sababu hiyo hiyo.

Nimesikia hayo yote nikaogopa. Si bora niache dawa kabisa?

Kuacha peke yako kuna hatari kuliko dawa. Tezi inayokimbia bila breki humletea mama moyo kwenda mbio hadi kushindwa, shinikizo la damu la ujauzito, na mimba kutoka au uchungu kuja kabla ya wakati. Mtoto huzaliwa mdogo, na anaweza kufia tumboni. Hatari kubwa zaidi ni mlipuko wa homoni unaoweza kutokea wakati wa uchungu, upasuaji au maambukizi: homa kali, kuchanganyikiwa, mapigo ya moyo yasiyohesabika. Huo ni wa kulazwa chumba cha wagonjwa mahututi.

Mapigo na kutetemeka kukizidi, propranololi hutumika kwa wiki chache mpaka dawa ya tezi ifanye kazi. Haiachwi iendelee miezi na miezi, kwa kuwa inaweza kupunguza ukuaji wa mtoto na kumfanya azaliwe na sukari ya chini.

Mbona daktari ananiacha homoni iwe juu kidogo? Si alisema ni mbaya?

Hii inawachanganya wengi, nayo ni sehemu ya tiba iliyofikiriwa vizuri. Dawa za kuzuia tezi hupita kwenye kondo na kuizuia tezi ya mtoto pia, na tezi ya mtoto huzuilika kirahisi kuliko yako. Dozi inayokuweka wewe katikati kabisa ya kiwango cha kawaida inaweza kumwacha mtoto na upungufu, na hata kumfanyizia rovu shingoni akiwa bado tumboni. Kwa hiyo dozi inayotafutwa ni ndogo kuliko zote inayokuweka kwenye ukingo wa juu wa kawaida, au juu yake kidogo. TSH yako itasoma chini sana muda wote, na hakuna anayejaribu kuipandisha. Kinachoangaliwa ni T4 huru, yaani homoni ya tezi yenyewe ambayo haijabebwa na protini, kila wiki mbili hadi nne.

Kwa sababu hiyo pia, ile tiba ya kumeza kabimazoli nyingi pamoja na levothairoksini ya kufidia haitumiki kwa mjamzito. Kabimazoli ingemfikia mtoto yote, na levothairoksini ya kumfidia ingepita kidogo mno.

Wengi hupunguziwa dawa hatua kwa hatua, na baadhi huiacha kabisa miezi mitatu ya mwisho. Kwa mwenye kuhitaji dozi kubwa mno au asiyevumilia dawa yoyote, upasuaji wa tezi unawezekana, na miezi ya 4 hadi ya 6 ndiyo inayopendekezwa. Iodini ya mionzi hairuhusiwi kabisa ukiwa mjamzito, na baada ya kuinywa unasubiri angalau miezi sita kabla ya kushika mimba.

Nilitibiwa Graves zamani, tezi ilitolewa, sasa nameza levothairoksini. Kwa nini mtoto wangu afuatiliwe?

Kwa sababu kilichotolewa ni tezi, na ugonjwa unatoka kwenye kinga ya mwili. Kingamwili za Graves, zinazoandikwa TRAb, zinaweza kubaki kwenye damu miaka mingi baada ya upasuaji au mionzi. Wewe huna tezi ya kuchochewa, basi huhisi kitu. Mtoto anayo, nazo zinavuka kondo na kuichochea, hasa kuanzia nusu ya pili ya ujauzito.

Omba kipimo cha TRAb mwanzoni mwa mimba, na mwambie kila anayekuhudumia kwamba ugonjwa wako wa asili ulikuwa Graves. Kadi ikisema tu "tezi dhaifu", hakuna atakayefikiria jambo hili. Kipimo kikiwa juu, kinarudiwa wiki ya 18 hadi 22, na tena karibu na wiki ya 30 hadi 34. Kikizidi mara tatu ya kikomo cha juu cha maabara, mtoto anahitaji ultrasaundi za mara kwa mara. Wanatafuta mapigo ya moyo yanayobaki juu ya 160 au 170 kwa dakika, ukuaji unaosimama, na shingo iliyovimba. Mtoto akionekana ana homoni nyingi, mama anapewa dawa ya kuzuia tezi kwa ajili ya mtoto, huku akiendelea na levothairoksini yake. Hapo, na hapo tu, mchanganyiko niliosema hautumiki kwa mjamzito unakuwa na kazi.

Natapika hata maji, na TSH imetoka chini. Nina Graves?

Pengine huna. Homoni ya mimba inafika kilele karibu na wiki ya 10, nayo huichochea tezi. Kwa wanaotapika sana, na wenye mapacha, TSH inaweza kushuka hadi isisomeke. Kama hukuwa na dalili kabla ya mimba, huna rovu, macho hayajatoka na TRAb haipo, hali hii hujirekebisha yenyewe kufikia wiki ya 14 hadi 18. Unahitaji maji ya dripu na dawa ya kuzuia kutapika. Dawa ya tezi haikusaidii.

Je, chumvi na muhogo vina uhusiano na haya?

Vina, ingawa kwa wasomaji wengi wa mjini ni jambo dogo. Mjamzito anahitaji maikrogramu 250 za iodini kwa siku, na chumvi yenye madini joto ndiyo njia ya kawaida ya kuipata. Ifunike, usiianike juani, wala usiizidishe kwa kufikiri unajitibu. Kwenye kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, watafiti katika miaka ya 1960 waliona rovu likiwa limeenea mno upande wa kaskazini kuliko kusini magharibi, wakati iodini ilikuwa haba kote. Uchunguzi ukaelekea kwenye muhogo: sumu yake isipotolewa vizuri huzalisha kemikali inayoizuia tezi kuchukua hata ile iodini kidogo iliyopo. Muhogo uliolowekwa na kukaushwa ipasavyo, kwa mtu anayekula chumvi ya madini joto, hauna shida.

Mwenye Graves aepuke vidonge vya mwani na dawa za asili zenye iodini nyingi.

Nikishajifungua, nani anapimwa na lini?

Wote wawili. Mama wa levothairoksini anarudi kwenye dozi ya kabla ya mimba siku moja au mbili baada ya kujifungua, anapima TSH wiki ya sita. Mama wa Graves ajue kwamba ugonjwa uliotulia wakati wa mimba hupenda kurudi miezi michache baadaye, wakati kila mtu nyumbani anasema uchovu na jasho ni vya kunyonyesha.

Mtoto wa mama mwenye TRAb ya juu, au aliyekuwa kwenye dawa za kuzuia tezi, asiruhusiwe kwenda nyumbani kwa kuangaliwa kwa macho tu. Akizaliwa bado ana dawa ya mama kwenye damu, inayoficha ugonjwa. Ikiisha baada ya siku chache, kingamwili zinabaki peke yake. Ndiyo maana damu yake hupimwa mwanzoni na tena siku ya 3 hadi ya 5, na wengine hurudishwa siku ya 10 hadi 14. Nyumbani angalia mtoto anayenyonya kwa pupa lakini haongezeki, asiyetulia, mwenye jasho na moyo unaodunda haraka mno. Kingamwili hizo huisha ndani ya miezi michache, na dawa ya mtoto husimamishwa.

Kunyonyesha kunaruhusiwa. Levothairoksini haina shida yoyote. Kabimazoli hadi miligramu 20 kwa siku, au PTU hadi 300, hupita kwenye maziwa kidogo sana; gawa dozi, na umeze mara tu baada ya kumaliza kunyonyesha.